Pua au Mdomo: Mkimbiaji Ahemee Wapi?

"Vuta kwa pua, toa kwa mdomo." Agizo hili limesikika kwenye viwanja vya shule kwa miaka mingi, na mara nyingi hutolewa bila maelezo. Watoto hulitii wakiwa wamesimama mstarini. Hulitii pia katika mita mia mbili za kwanza za mchakamchaka. Kisha njia inaanza kupanda, walio mbele wanaongeza kasi, na midomo inafunguka mmoja baada ya mwingine bila mtu kutoa amri. Mwalimu wa zamu akifoka, inafungwa kwa hatua kumi, halafu inafunguka tena.

Watoto hao si wakaidi. Mwili una kiwango chake ambacho ukikifikia hufungua mdomo wenyewe, na kiwango hicho kimeshapimwa. Mwaka 1980 watafiti wa Chuo Kikuu cha Toronto, Kanada, akiwemo V. Niinimaa, walitoa matokeo ya kazi waliyoifanya na watu 30 waliofanyishwa mazoezi yaliyozidi ugumu hatua kwa hatua. Wengi wao walianza kwa kupumua puani tu, na kwa wastani wakafungua mdomo pale hewa waliyohitaji ilipofika lita 35 hivi kwa dakika. Wastani huo unaficha tofauti kubwa kati ya mtu na mtu. Wapo waliofungua mapema sana, wapo waliochelewa, wachache walikuwa wakipitisha hewa mdomoni tangu walipokuwa wamekaa, na wachache wengine hawakufungua mdomo hadi mwisho.

Jambo jingine lililojitokeza katika kazi ya watafiti hao halitajwi sana. Mdomo ukifunguka, pua haifungwi. Hata mtu anapohema kwa nguvu, sehemu kubwa ya hewa huendelea kupita puani, wakati mwingine karibu nusu yake. Kwa hiyo ule ubishi wa pua dhidi ya mdomo, kana kwamba mkimbiaji huchagua mlango mmoja na kuufunga mwingine, haulingani na yanayotokea barabarani. Pua hutangulia, mdomo huja kuisaidia.

Lita 35 kwa dakika ni kiasi gani? Mtu aliyetulia kwenye kiti huvuta kama nusu lita kwa pumzi moja, mara 14 hivi kwa dakika, yaani lita saba. Pua inamudu hizo bila yeye kujua kwamba anapumua. Sasa tumchukue mwanamke wa kilo 65, mwenye afya njema, ambaye ameanza mazoezi mwaka huu. Kwa kanuni za makadirio wanazotumia walimu wa mazoezi, akitembea haraka kwenye tambarare kwa kilometa sita kwa saa, mwili wake unatumia kama lita 0.9 za oksijeni kila dakika. Kuipata oksijeni hiyo anahitaji kuingiza na kutoa hewa mara 25 hivi ya kiasi hicho, yaani lita 22. Bado yuko chini kabisa ya kiwango cha kufungua mdomo.

Akiacha kutembea na kuanza kukimbia taratibu, kilometa nane kwa saa, mambo yanabadilika ghafla. Oksijeni inafika karibu lita mbili, na hewa inakaribia lita 50. Akiongeza hadi kilometa kumi kwa saa, anahitaji kama lita 65. Tazama lilipo pengo: kutembea haraka ni 22, mbio za polepole kabisa ni 50, na 35 imeangukia katikati, mahali ambapo hana mwendo wa asili. Ndiyo maana anayeanza mazoezi akiambiwa akimbie akiwa amefunga mdomo hujiona ameshindwa ndani ya dakika tatu. Hakushindwa kitu. Alivuka mstari siku ileile aliyoacha kutembea, na mwenzake aliyekimbia miaka mitano anauvuka mbali zaidi kwa sababu mwili wake umejifunza.

Kinachoifanya pua ielemewe ni umbo lake. Sehemu nyembamba kuliko zote katika njia nzima ya hewa, kutoka usoni hadi mapafuni, iko zaidi kidogo ya sentimita moja ndani ya tundu la pua. Mtu aliyetulia, anayepumua kwa pua, zaidi ya nusu ya ukinzani wote ambao hewa yake inakutana nao uko hapo puani. Hewa ikipita polepole hakuna shida. Ikipita kwa kasi inaanza kuvurugika, na hapo hesabu inakuwa kali: ukitaka hewa mara mbili, nguvu ya kuivuta inapanda karibu mara nne. Mtu akisimama mbele ya kioo na kuvuta hewa kwa pua kwa nguvu zote, ataona kuta laini za matundu zikiingia ndani na kukaribia kugusana. Hapo pua inajifunga kwa nguvu ileile inayotumika kuvuta hewa.

Hata hivyo pua haibaki vilevile mazoezi yanapoendelea. Ngozi laini ya ndani imejaa mishipa midogo ya damu inayoweza kuvimba na kusinyaa, na ndiyo sababu watu wengi hupata tundu moja zito kwa saa kadhaa kisha jingine. Mazoezi yakianza, mishipa hiyo husinyaa na njia inapanuka. Badiliko hili huja ndani ya dakika chache. Anayetoka kitandani na pua nzito, akaanza kukimbia papo hapo, atasema pua yake haifai kwa mbio. Akitembea kwanza kwa dakika kumi, mara nyingi atakuta ni pua nyingine.

Kwa nini basi mtu ajisumbue na mlango huu mwembamba?

Sababu ya kwanza ni matunzo ya hewa. Hewa inayopita puani hugusana na eneo kubwa lenye joto na unyevu kabla ya kufika kooni, na chembe kubwa za vumbi hunaswa kwenye kamasi na vinyweleo. Anayekimbia kando ya barabara ya vumbi anaweza kuona kazi hiyo kwenye kitambaa anapopenga baadaye: kamasi zimekuwa na rangi ya udongo, na udongo huo ungekuwa kooni. Lakini asidanganyike kuhusu moshi wa dizeli. Chembe zake nyingi ni ndogo mno, pua haizizuii, na dawa ya pekee ni kubadili njia au saa ya kukimbia.

Sababu ya pili inahitaji hesabu fupi. Katika kila pumzi, kama mililita 150 za hewa huishia kwenye mabomba, hazifiki kwenye vifuko vya mapafu ambako oksijeni huingia kwenye damu. Hasara hiyo hulipwa kila mtu anapovuta pumzi, iwe fupi au ndefu. Anayehitaji lita 40 kwa dakika anaweza kuzipata kwa pumzi 32 za lita moja na robo, au kwa pumzi 25 za lita 1.6. Wa kwanza anapoteza karibu lita tano kwenye mabomba, wa pili anapoteza chini ya lita nne. Pua, kwa kuwa inabana, humlazimisha mtu avute polepole na kwa kina, na hivyo humsogeza upande wa pumzi 25. Faida ipo, ila ni ndogo: kwenye lita 40, wa pili anafaidi lita moja tu. Na anayeweza kupumua kwa kina akiwa amefungua mdomo anaipata faida hiyohiyo.

Ipo pia nitriki oksidi, gesi inayopanua mishipa ya damu. Mwaka 1995 watafiti wa Taasisi ya Karolinska, Stockholm, walionyesha kwamba gesi hii hutengenezwa kwa wingi katika mashimo ya mifupa yanayozunguka pua, na anayevuta hewa kwa pua huibeba hadi mapafuni. Wauzaji wa kozi za kupumua wameifanya hoja yao kuu. Wanachokiacha ni kwamba kiasi kinachotengenezwa hakiongezeki sawasawa na hewa. Mtu aliyekaa huvuta lita saba zenye gesi hiyo. Anayekimbia huvuta lita 50, na kiasi kilekile kimechanganyika na hewa nyingi zaidi. Inapohitajika zaidi ndipo inapozimuliwa zaidi.

Hoja nyingine inayouzwa sana inahusu kaboni dioksidi. Daktari wa Denmaki, Christian Bohr, alionyesha mwaka 1904 kwamba damu huachia oksijeni kwa urahisi zaidi mahali penye kaboni dioksidi nyingi. Wanaohimiza kufunga mdomo husema basi: pumua kidogo, kaboni dioksidi ibaki, misuli ipate oksijeni zaidi. Ugunduzi wa Bohr ni wa kweli. Lakini msuli wa mguu unaokimbia unatengeneza kaboni dioksidi yake, joto lake na tindikali yake papo hapo, na vyote vitatu huifanya damu iachie oksijeni. Haungoji msaada kutoka puani.

Kaboni dioksidi inahusika kwa namna nyingine, na hii ndiyo anayoihisi mkimbiaji mwenyewe. Ile hali ya kukosa pumzi mdomo ukifungwa, kifua kikidai na mabega yakipanda, kwa mtu mwenye afya haitokani na upungufu wa oksijeni. Ubongo unapima kaboni dioksidi katika damu na kupiga kelele inapopanda. Pua ikibana, kaboni dioksidi inapanda kidogo na kelele inaanza, ingawa oksijeni bado iko vizuri. Siku za mwanzo kelele hiyo inatisha. Mtu akiizoea kidogo kidogo, kwa majuma na miezi, kiwango cha kuanza kupiga kelele husogea mbele.

Kusogea huko kulionekana katika utafiti wa George Dallam na wenzake wa Chuo Kikuu cha Colorado State, Pueblo, nchini Marekani, uliochapishwa mwaka 2018. Waliwapima wakimbiaji kumi, wanaume watano na wanawake watano, ambao walikuwa wameshakimbia kwa pua pekee kwa muda usiopungua miezi sita. Kwenye mashine ya kukimbilia walifikia kiwango kilekile cha juu cha oksijeni, wakipumua kwa pua au kwa mdomo. Kwa pua walipumua mara 39 hivi kwa dakika, kwa mdomo kama 49. Matokeo hayo yalisambazwa sana na mara nyingi hunukuliwa bila sharti lake: hawa walikuwa watu kumi tu, waliojichagulia njia hiyo wenyewe, na walikuwa na nusu mwaka wa mazoea. Aliyesoma habari hiyo jana na kufunga mdomo leo hayumo katika kundi hilo. Majaribio ya watu wasiozoea, likiwemo moja la Australia la mwaka 1995, yalikuta kiwango cha juu cha oksijeni kikishuka wanapolazimishwa kutumia pua pekee.

Ukipima haya yote, pua haimwongezei mkimbiaji nguvu. Inachofanya vizuri kuliko saa nyingi za mkononi ni kumwekea mpaka. Mbio nyepesi zinatakiwa ziwe nyepesi, na kosa la kawaida la wanaofanya mazoezi peke yao ni kuzikimbia kwa kasi ya katikati, ngumu kiasi cha kuchosha na rahisi kiasi cha kutojenga kasi. Mdomo uliofungwa hauruhusu kosa hilo. Kasi ikipita, mdomo unafunguka, na mtu anajua.

Mchakamchaka wenyewe ulikuwa na kipimo cha aina hii muda wote, ingawa hakuna aliyekiita kipimo. Katika klabu za joging za Dar es Salaam, zile zinazotoka alfajiri za mwishoni mwa wiki na filimbi na fulana za rangi moja, kundi hukimbia kwa kuimba. Kiongozi anatoa mstari, wenzake wanaitikia. Kuitikia kunataka mtu atoe hewa taratibu kwa sekunde mbili au tatu bila kukatiza, na anayezidiwa na kasi hawezi. Kiongozi makini husikia sauti za nyuma zikififia na kupunguza mwendo. Kuimba huku mtu akikimbia na kufunga mdomo huku akikimbia ni vitendo vinavyopingana kabisa, lakini vyote viwili humweka mtu karibu na kasi ileile. Anayechukia kufunga mdomo aimbe.

Wakimbiaji wakubwa wa Bonde la Ufa hawahitaji kimoja wala kingine; wanaijua kasi kwa miguu. Eliud Kipchoge alishinda Berlin mwaka 2022 kwa saa 2, dakika 1 na sekunde 9, yaani dakika 2 na sekunde 52 kwa kila kilometa. Mbio nyepesi za kundi lake huko Kaptagat huanza kwa mwendo wa dakika tano na zaidi kwa kilometa, mwendo ambao wageni waliojiandaa kuachwa vumbini huushangaa. Kwa kasi hiyo yuko mbali sana na kikomo chake, na hapo awe amefunga mdomo au ameufungua haileti tofauti kubwa. Picha zake za mashindano zinamwonyesha midomo ikiwa imeachana kidogo, taya limelegea. Ni sura ya mtu anayetumia milango yote miwili.

Miinuko hiyo ina funzo jingine kwa msafiri. Iten iko kama mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, ambako kila pumzi ina karibu robo tatu tu ya oksijeni ya pwani. Mwili hufidia kwa kuvuta hewa zaidi kwa kazi ileile. Mtu wa Mombasa au Tanga anayekimbia nyumbani kwa pua bila tabu atakuta huko mdomo unafunguka kwa kasi ndogo zaidi, hata kwenye kutembea kilimani. Asifikiri ameishiwa. Apunguze kasi mpaka mdomo ufungike tena, na atakuwa amepata kwa njia rahisi kasi ya kufanyia mazoezi kwa wiki hiyo.

Mazoezi magumu ni habari nyingine kabisa. Yule mwanamke wa kilo 65 akikimbia vipande vya mita 400 kwa nguvu, hewa anayohitaji inaweza kukaribia lita 100 kwa dakika. Mwanamume aliyezoea mashindano huvuka 150. Hizo 100 ni karibu mara tatu ya 35, na kwa kanuni ile ya nguvu kupanda mara nne kila hewa inapoongezeka mara mbili, kuzipitisha puani pekee kungetaka mvuto wa karibu mara nane. Mvuto huo haufanywi bure. Misuli ya kifua na kiwambo hutumia oksijeni kama misuli ya miguu, na katika juhudi ya mwisho inaweza kuchukua sehemu moja kati ya kumi ya oksijeni yote ya mwili. Kuibebesha mzigo zaidi kwa makusudi ni kuinyang'anya miguu. Katika kupanda kilima, katika mita za mwisho, katika vipande vya kasi, mdomo na ufunguke, tena mapema, bila kungoja mwili uanze kupigania hewa.

Agizo la shuleni la kuvuta kwa pua na kutoa kwa mdomo lina nafasi katika mwendo wa kati, ambapo kutoa kwa mdomo hupunguza nusu ya kazi. Likilazimishwa kwenye kasi kubwa halina maana. Waogeleaji wamelipindua kabisa bila matatizo: huvuta kwa mdomo katika ile nafasi fupi ya kugeuza kichwa, na hutoa majini kwa pua na mdomo, kwa kuwa anayevuta kwa pua juu ya mawimbi huvuta maji.

Pua hurudi kazini kati ya vipande. Njia nzuri ya kupima mapumziko ni kungoja mpaka mtu aweze kufunga mdomo na kupumua kwa utulivu. Mwanzoni mwa mazoezi, baada ya mita 400, hali hiyo inaweza kurudi ndani ya dakika moja na nusu. Kufikia kipande cha sita au cha saba inachukua dakika tatu. Siku ambayo hairudi kabisa, mazoezi yameisha hata kama karatasi ya programu inadai vipande viwili zaidi.

Kwa mwenye pumu, suala la pua ni zito kuliko la kasi. Mwaka 1978 ulichapishwa utafiti wa vijana wenye pumu waliokimbizwa kwenye mashine kwa namna tatu. Walipoachwa wapumue watakavyo, wengi walitumia mdomo na mirija ya hewa ilibana baada ya mazoezi, kama inavyotokea kwa wengi wenye ugonjwa huo. Walipofungwa pua wakabaki na mdomo tu, hali ilikuwa mbaya zaidi. Walipotakiwa kutumia pua pekee, kubana huko karibu kutoweke. Sababu ni ile ya matunzo ya hewa: mirija ya mwenye pumu hukasirishwa na hewa kavu na baridi inayoikausha, na pua huilowesha kabla haijafika. Ndiyo maana asubuhi ya Eldoret au Njombe, yenye baridi na ukavu, huwa ngumu kwa mtu huyu kuliko jioni ya Zanzibar yenye unyevu. Apashe mwili kwa robo saa nzima kwa pua, na dawa yake ya kupuliza iwe mfukoni, isibaki nyumbani. Pua haichukui nafasi ya dawa.

Turudi kwa mwanamke wetu, tuone angefanyaje kama angetaka kujifunza. Angeanza kwa kupenga vizuri, tundu moja moja, na kutembea dakika kumi mdomo ukiwa umefungwa. Kisha angekimbia dakika moja kwa mwendo wa polepole sana, kilometa saba kwa saa, na kutembea dakika mbili, akirudia hivyo kwa nusu saa. Kwa mwendo huo anahitaji kama lita 43, juu kidogo ya mstari, na dakika moja si muda wa kutosha kwa kelele ya kaboni dioksidi kumshinda. Kila akianza kipande angehakikisha mabega yako chini na kwamba tumbo ndilo linalosukumwa nje anapovuta, kwa sababu pua iliyobanwa huwafanya wengi wavute kwa shingo. Wiki mbili zikipita bila tabu, angeongeza dakika za kukimbia na kupunguza za kutembea, bila kuongeza kasi. Wengine hufika dakika ishirini mfululizo katika miezi miwili, wengine huchukua minne.

Kipimo chake kingekuwa kile kinachotokea anaposimama. Akisimama na mdomo ukabaki umefungwa, pumzi zikaendelea kushuka taratibu, kasi ilikuwa sahihi. Akisimama na mara moja akavuta pumzi kubwa kwa mdomo, au akapiga miayo, alikuwa akijibana kwa ujeuri na anapaswa kupunguza. Kichwa kinachouma kwa saa moja baada ya mazoezi ni dalili ileile kwa sauti kubwa zaidi. Na kamasi zitamtiririka, hasa alfajiri. Hilo ni kawaida, leso inatosha.

Wapo wanaobandika plasta mdomoni wakiwa mazoezini ili wasiufungue. Ni jambo la kuachwa. Mdomo unapofunguka wakati wa mbio unampa mtu taarifa, na kuuziba ni kuificha taarifa hiyo, mbali na hatari kwa atakayetapika au kubanwa kifua ghafla. Vile vibandiko vya juu ya pua vinavyovuta ngozi ili kupanua matundu havina madhara, na kwa mwenye pua inayojifunga upesi vinaweza kumpa nafuu ya kuhisi, lakini majaribio mengi hayakuona vikiongeza uwezo wa mwili kutumia oksijeni.

Mtu ambaye hata akitembea mdomo lazima uwe wazi, anayekoroma kila usiku, au ambaye tundu lilelile moja limeziba kwa miezi bila kupokezana na lenzake, hana tatizo la mazoezi. Anaweza kuwa na ukuta wa pua uliopinda, vinyama vya puani au aleji ya muda mrefu, na anayepaswa kumwona ni daktari wa masikio, pua na koo. Wengi wa hawa hutibika, baadhi kwa dawa ya kupuliza puani kwa wiki kadhaa. Mpaka hapo akimbie kwa mdomo bila kuona haya, akipima kasi yake kwa kuzungumza na mwenzake njiani.